Mzee akija kibandani na simu sikioni: barua kwa binti yangu wakala

Kondoa

Binti yangu,

Marahaba. Pesa ya dawa imefika, mama yako hajambo na uvimbe wa mguu umeshuka.

Nimesoma habari ya yule mzee aliyekuja kibandani kwako simu ikiwa sikioni, akataka umwekee shilingi elfu sitini kwenye namba aliyokuwa anasomewa, eti ni ada ya uhakiki wa pensheni. Ulipoanza kumdadisi akakasirika, akasema pensheni yake ikisimama utailipa wewe, akaondoka kwenda kwa wakala wa pili. Unauliza kama ada hiyo ipo, na kama ulikuwa na haki ya kumcheleweshea mteja pesa yake mwenyewe. La kwanza ni jepesi: haipo. Mstaafu hatozwi hata senti moja ili ahakikiwe. La pili linataka maelezo, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia, maana kwenye simu wewe huniambia "sawa baba" kabla sijafika katikati.

Kwanza usimwone yule mzee kuwa mjinga. Uhakiki wenyewe upo. Pensheni hulipwa mwezi kwa mwezi mpaka mstaafu anapofariki, na mfuko haukai naye nyumba moja ujue amefariki lini. Ndugu wakichelewa kutoa taarifa, hela inaendelea kuingia kwenye akaunti ya marehemu. Kwa hiyo kila baada ya muda mstaafu hutakiwa aonyeshe kwamba yu hai. Zamani tulipanga foleni na kitambulisho mkononi na bahasha ya nyaraka kwapani. Siku hizi ni alama za vidole au sura, na kwa wale wa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, iko programu ya simu inayoitwa PSSSF Kiganjani. Asiyejitokeza, malipo yake husitishwa mpaka atakapohakikiwa. Hofu ya kusitishiwa pensheni basi haikutungwa na tapeli. Ameikuta iko tayari ndani ya kila mstaafu, naye anaongeza vitu viwili tu: haraka na ada.

Halafu kuna misukosuko ya miaka hii. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF. Mtu aliyestaafu akiwa LAPF alijikuta analipwa na mfuko ambao hajawahi kuingia ofisini kwake. Mtu huyo ukimpigia leo ukamwambia "faili lako halikuhamia vizuri," atakaa kitako akusikilize, hata kama alikuwa mkali kazini kiasi gani.

Nikupe kisa cha Bibi Nesi, yule aliyekuchoma chanjo ukiwa mdogo ukamng'ata mkono. Ameniruhusu nikieleze, mradi nisitaje jina lake.

Alipigiwa simu asubuhi akiwa shambani. Sauti ya kijana, yenye adabu, ikamwamkia "Shikamoo mama" na kumtaja majina yake yote matatu, kituo cha afya alichomalizia kazi, na mwaka aliostaafu, 2016. Akamtajia na cheki namba yake, ile namba yake ya utumishi. Kisha akasema jina lake liko kwenye orodha ya wastaafu ambao hawajahakikiwa, mfumo unafungwa leo saa kumi jioni, na asipohakikiwa pensheni ya mwezi huu haitoki. Hana haja ya kusafiri kwenda Dodoma, watamhakiki kwa simu. Kinachotakiwa ni ada ya kufungua faili, shilingi 48,500.

Hebu itazame hiyo 48,500. Angesema elfu hamsini, ingesikika kama hela ya soko. Ile mia tano ya mwisho inafanya ionekane imetoka kwenye jedwali la serikali. Mimi nimeandika hati za malipo miaka mingi, najua watu wanavyoiamini tarakimu isiyokaa vizuri.

Bibi Nesi aliamini hasa kwa sababu ya cheki namba. Alisema, "Mtu wa nje angeipata wapi?" Nikamwambia anaipata mahali pengi. Cheki namba iko kwenye kila hati ya mshahara uliyowahi kuitoa kopi. Kila ulipoomba mkopo uliacha nakala. Dukani kwa mtu wa fotokopi, karatasi iliyotoka na wino hafifu hutupwa kwenye ndoo na hakuna anayeichana. Kwenye kundi lao la wasapu la wastaafu wa wilaya, mtu alipiga picha orodha nzima yenye majina, vituo na namba za simu, akairusha kwa nia njema ili wenzake wajue nani hajafika. Kundi lina watu zaidi ya mia na hakuna anayewajua wote. Anayekupigia akakutajia habari zako amethibitisha kwamba orodha hiyo imemfikia, basi. Hajathibitisha yeye ni nani.

Bibi Nesi akaenda kwa wakala wa sokoni, akatoa noti, akasema, "Niwekee kwenye namba hii." Wakala akaweka moja kwa moja kwenye namba ya tapeli. Hapa nataka usome polepole, maana ni kazi yako. Muamala ule ulitoka kwenye floti ya wakala. Simu ya Bibi Nesi haikupata ujumbe wowote, haikubaki na namba ya muamala wala jina la aliyepokea. Kwa mtandao, aliyempa tapeli hela ni wakala. Bibi Nesi hayumo kabisa. Kama angeweka kwenye laini yake mwenyewe kisha akatuma kwa mkono wake, yangetokea mambo mawili. Kwanza, kabla ya kuthibitisha, skrini ingemwonyesha jina la anayepokea, na lingekuwa jina la mtu wa kawaida, siyo la mfuko. Pili, ujumbe wa muamala ungekaa kwenye simu yake, na angeweza kupiga 100 papo hapo kuomba muamala uzuiwe.

Na hilo la jina nalo lina mpaka wake, usilitegemee peke yake. Matapeli wanaweza kukupa namba ya kulipia ya biashara badala ya namba ya mtu, na biashara ile ikawa imesajiliwa kwa jina linalofanana na la ofisi. Tena jina likiwa la mtu, usikimbilie kusema huyo ndiye mwizi. Laini nyingi za namna hii zimesajiliwa kwa kitambulisho na kidole cha mwananchi mwingine, ambaye pengine alikwenda kusajili laini yake moja akaondoka na moja, na msajili akabaki na nyingine. Wewe mwenyewe piga *106# uone kitambulisho chako kimebeba laini ngapi. Mama yako alipiga, akakuta iko sawa, lakini alikaa kimya mpaka majibu yalipokuja.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni njia yenyewe ya kulipa. Malipo ya taasisi za serikali yanakwenda kwa kumbukumbu namba, ile mnayoiita kontro namba: tarakimu kumi na mbili zinazoanza na 99. Ukiiingiza, inakuonyesha taasisi na kiasi. Hata faini ya barabarani inalipwa hivyo. Sasa ofisi gani ya umma itakwambia utume kwa laini ya simu inayoanza na sifuri saba? Nami naongeza, hata akitokea tapeli mjanja akatengeneza kitu kinachofanana na kumbukumbu namba, jibu ni lile lile, kwa sababu uhakiki hauna ada ya kulipiwa kwa njia yoyote.

Ingeishia pale, Bibi Nesi angepoteza 48,500 akalia kidogo akasahau. Lakini ada ile haikuwa mwisho wa mchezo. Ilikuwa ya kumpima. Aliyelipa ameonyesha kwamba anaamini, na anayeamini hupigiwa tena.

Kesho yake alipigiwa na mwanamke, aliyejitambulisha kuwa mkuu wa kitengo. Alimshukuru kwa kuhakikiwa kwa wakati, akasema katika kuhakiki faili wamegundua ana mapunjo. Mkupuo, ile hela ya mara moja anayopewa mtu akistaafu, umepandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40, kwa hiyo anadai tofauti ya asilimia saba, ambayo kwake ni shilingi 3,260,000. Ataingiziwa leo. Anachotakiwa ni kutaja taarifa kamili za akaunti ili hela isipotee.

Hapo ndipo Bibi Nesi, kwa bahati, alikuja kwangu akitembea haraka na simu mkononi, siyo kwa kushuku bali kwa furaha. Alitaka nimpigie hesabu ya asilimia saba. Njiani alikuwa ameshamtajia yule mwanamke namba ya akaunti na tarakimu zote za mbele ya kadi yake ya benki, pamoja na mwezi na mwaka wa mwisho wa kadi. Nikamwomba aweke spika.

Nikueleze kwanza hiyo habari ya mapunjo, kwa sababu imewashika wengi na imechanganywa na ukweli. Ni kweli kikokotoo kimebadilika. Kuanzia Julai 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wote. Wale ambao zamani wangepata asilimia 50 wakaumia, kelele zikawa nyingi, na bajeti ya 2024/25 ikatangaza kundi hilo lipandishiwe kutoka 33 hadi 40. Kila mstaafu amelisikia hilo redioni. Sasa mchukue Bibi Nesi. Yeye amestaafu 2016, kabla ya hesabu hiyo ya 33 kuwapo, na alilipwa mkupuo wake kwa asilimia 50. Ukimpeleka kwenye 40 unampunguzia! Nilipomwambia hivyo akasimama, akanitazama, akasema, "Kumbe natakiwa mimi ndiyo niwarudishie." Tulicheka, na yule mwanamke bado yuko hewani anasema, "Haloo, mama?"

Kumbuka hili wazee wakikuletea habari ya mapunjo: uliza kwanza amestaafu mwaka gani. Mara nyingi jibu linatosha kuvunja hadithi nzima, na halimdhalilishi mtu.

Tukarudi kwenye simu. Mwanamke akasema, "Mama, kuna ujumbe unaingia sasa hivi, nisomee zile tarakimu sita, ndiyo namba ya faili lako la malipo." Na kweli simu ikalia. Nikauchukua nikausoma. Ulitoka benki yake. Ulikuwa na tarakimu sita, na chini yake maneno kwamba usimpe mtu yeyote namba hii hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki. Maneno hayo yako pale pale chini ya tarakimu, na mtu bado angezisoma, kwa sababu anayekuongoza sikioni anakwambia uangalie juu tu.

Hapa ndipo kiini cha mambo kilipo, binti yangu. Namba ya akaunti peke yake si siri kubwa. Ni ya kuwekea hela, inaandikwa kwenye karatasi za benki, na hata mwajiri wako wa zamani anayo. Ukiambatanisha na namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa kadi, namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya simu iliyounganishwa na akaunti, mtu aliye popote anaweza kufungua programu ya benki kwenye simu yake na kuanza kujisajili kama wewe. Anajaza kila kitu. Benki, kwa kutomwamini, inatuma tarakimu sita kwenye simu yako wewe ili ijue kama mwenye akaunti ndiye anayejisajili. Kitu pekee alichokosa yule mwanamke kilikuwa kimelala mkononi mwangu. Bibi Nesi angezisoma, simu ya tapeli ingekuwa ndiyo benki yake. Angeona salio, angehamisha, na kwa benki zinazotoa mkopo kwa simu kwa wenye pensheni angeweza hata kukopa kwa jina lake, mzee akakatwa miezi na miezi kwa hela asiyoiona.

Na mfuko hauhitaji hata kimoja kati ya hivyo. Namba ya akaunti wanayo, wangekuwa wanalipa wapi kila mwezi? Wanachotaka kujua kwenye uhakiki ni kama uko hai na kama ni wewe, na hilo linaonekana kwenye kidole au uso. Namba ya siri haina nafasi yoyote hapo. Mstaafu akitaka kubadili akaunti ya kupokelea pensheni, huo ni utaratibu mwingine wa maandishi, anaufuata mwenyewe, haupigiwi simu.

Kuna namna ya tatu ambayo haikumpata Bibi Nesi ila imempata mzee mmoja huku, nami nakutajia kwa sababu wewe utaiona. Tapeli haombi utume wala usome chochote. Anasema, "Itatokea sehemu kwenye simu yako, weka namba yako ya siri kuthibitisha kwamba uko hai." Kwenye skrini kweli kinatokea kisanduku kinachoomba namba ya siri. Lakini kile ni ombi la malipo ambalo ameliomba yeye kutoka upande wake, kama vile duka la mtandaoni linavyoomba. Juu ya kisanduku pameandikwa kiasi na anayelipwa. Mzee asiyeona vizuri haoni maandishi, anaona nafasi ya kujaza. Akijaza, amelipa.

Turudi kwa Bibi Nesi. Tulikata simu, hatukubishana. Wengine hupenda kuwatukana matapeli, mimi naona ni kuwapa muda wa kukusoma zaidi. Tulipiga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, siyo namba ya kwenye meseji wala ya kutafuta mtandaoni, tukaomba kadi ifungwe na usajili wowote wa simu ulioanzishwa siku ile uzuiwe. Asubuhi akaenda tawini mwenyewe. Alitaka afunge akaunti kabisa afungue nyingine, kwa hasira. Mhudumu wa benki akamshauri asifanye hivyo, na nilikubaliana naye: pensheni inaingia kwenye akaunti ile, ukiifunga kabla mfuko haujapokea na kushughulikia mabadiliko, malipo yanagonga ukuta na kurudi, na mwezi huo unakaa bila kitu. Akapewa kadi mpya kwenye akaunti ile ile. Namba ya akaunti kujulikana haikuwa tatizo, kadi ndiyo iliyokuwa wazi.

Ile 48,500 haikupatikana. Tulikwenda na wakala wa sokoni, akaitafuta namba ya muamala kwenye simu yake ya kazi, akapiga 100. Hela ilikuwa imeshatolewa siku ile ile, dakika chache baada ya kuingia. Huwa hivyo. Muamala unaweza kuzuiwa ikiwa hela bado imekaa kwenye akaunti ya aliyepokea, na matapeli wanajua, hawaiachi ilale. Tulituma namba zao kwenda 15040, ile ya kuripotia utapeli wa simu, na Bibi Nesi akafungua jalada polisi akapewa RB. Alifanya hivyo kwa sababu ya kadi, si kwa sababu ya elfu arobaini na nane: siku likitokea deni la ajabu kwa jina lake, atakuwa na karatasi inayoonyesha alitoa taarifa lini.

Sasa nikujibu swali lako la haki. Pesa ya mzee ni ya mzee, huna mamlaka ya kumnyima kuitumia. Lakini hulazimiki kuweka hela ya mteja moja kwa moja kwenye laini ya mtu mwingine. Hiyo ni njia ya mkato ambayo mawakala mmeizoea kwa sababu inaokoa muda na makato ya kutuma. Sema tu kwa upole, "Mzee, hapa naweka kwenye laini yako, kisha unatuma mwenyewe." Ukishafanya hivyo umempa nafasi ya kuona jina, na umeacha kumbukumbu kwenye simu yake. Akishaliona jina, lisome kwa sauti, polepole, umwulize kama ndilo jina la afisa anayezungumza naye. Mara nyingi hawafanani hata jinsia.

Shida ni ile simu sikioni. Tapeli hamwachi mzee akate, kwa sababu akikata atazungumza na mtu mwingine. Ukianza kumhoji mzee wakati anasikilizwa, yule wa upande wa pili atamwambia, "Mawakala hawa ndio wanaoiba, usimwamini." Pengine ndivyo alivyoambiwa mzee wako, ndiyo maana akakasirika. Kwa hiyo usimhoji. Hapo nakuruhusu uongo mdogo: mwambie floti imekwisha, unasubiri iingie, akae kwenye benchi, mpe na maji. Tapeli wa saa kumi jioni hawezi kusubiri, ataanza kufoka, na mzee asiyezoea kufokewa na "afisa" ataanza mwenyewe kushtuka. Simu ikikatika, mwombe apige mfuko wake kwa namba iliyo kwenye nyaraka zake za pensheni. Kama hana nyaraka hapo, aende nyumbani akazichukue. Hakuna uhakiki unaokufa kwa nusu saa.

Akiwa ameshatuma kabla hajafika kwako, usimpe mhadhara. Chukua simu yake, tafuta ujumbe wa muamala, piga 100 naye akiwa amesimama hapo, taja namba ya muamala. Baadaye ndiyo uulize kama alitaja kadi au alisoma tarakimu zozote. Uliza hivyo hivyo, "Kuna namba yoyote ulimsomea?" Ukimwuliza kama ametapeliwa atasema hapana, hata kama anatetemeka.

Jambo jingine: watakuja wenye simu janja wakuombe uwasaidie kujihakiki, na watakuonyesha kiungo walichotumiwa kwenye wasapu. Usikibonyeze. Programu ya mfuko itafutwe kwenye duka la programu la simu yenyewe. Kama ni mstaafu wa NSSF, au wa zamani anayelipwa moja kwa moja na Hazina, utaratibu wake ni tofauti na wa PSSSF, mwelekeze ofisini kwao badala ya kubahatisha. Na mwenye mzee aliyelala kitandani asiyeweza kutoka, ndugu mmoja aende ofisi ya mfuko aeleze hali, huko ndiko atakakopewa utaratibu, siyo kwa kijana anayejitolea kumaliza kila kitu kwa simu.

Bibi Nesi ameshahakikiwa, alikwenda Dodoma kwa basi na kurudi siku hiyo hiyo. Hawakumwuliza akaunti. Wakala wa sokoni naye amebandika karatasi dirishani kwa kalamu nene, nami nakunakilia maneno yake uone kama yatakufaa Mbagala: "HATUWEKI HELA YA UHAKIKI WA PENSHENI KWENYE NAMBA YA MTU. KAMA UMEPIGIWA SIMU, KATA, KAA, TUZUNGUMZE." Mimi ningeongeza chini yake namba ya ofisi ya mfuko ya mkoa wako, lakini uichukue ofisini kwao mwenyewe, usiipokee kwa mtu.

Baba yako